Picha za daftari zikifika bila mpangilio, kazi ya kunakili ianzie ukurasa upi?

Katika soko la Kamembe, wilayani Rusizi, vikundi vingi vya kuweka na kukopeshana fedha, vijulikanavyo kama ibimina, bado hutunza hesabu zao katika madaftari ya mkono. Mgogoro unapozuka, kurasa hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa mtu atakayezinakili kwa maandishi yanayosomeka. Hapo ndipo tatizo huanza, kwa maana picha huwasili zikiwa zimevurugika.

Tuchukue mfano wa daftari lenye kurasa 24 zilizoandikwa, kila ukurasa ukiwa wa mkutano mmoja wa Jumapili. Mjane wa mwanachama anadai akiba ya marehemu mumewe. Mhazini anasema marehemu alikuwa na mkopo ambao hajaulipa. Picha zilizopokelewa ni 24, na kwa hesabu hiyo daftari linaonekana kuwa kamili.

Kosa la kwanza ni kuziamini namba za picha. Picha iliyopitia WhatsApp na kuhifadhiwa kwenye simu ya Android hupewa jina kama hili:

```
IMG-20250618-WA0007.jpg
```

Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipofika, wala si ya siku ilipopigwa, na namba ya mwisho hufuata zamu ya kupokelewa. Picha zikitumwa kama faili la kawaida badala ya picha, aghalabu hubaki na jina zilizopewa na kamera, ambalo mara nyingi hubeba saa ya kupigwa. Hata hivyo, mpigaji naye huenda aliruka ukurasa, akaurudia baadaye.

Kwa hiyo mwenye kunakili hapaswi kuandika neno lolote kabla ya kuzipitia picha zote. Katika mapitio hayo huandika mambo manne tu kwa kila picha: jina lake, tarehe ya mkutano, salio lililo juu ya ukurasa, na salio lililo chini. Jina la awali halibadilishwi, ili mtu mwingine aweze kurudi kwenye picha ileile na kuihakiki.

Daftari la hesabu hujipanga lenyewe kwa masalio. Picha namba 7 inaishia faranga 184,500, na namba 19 inaanza na faranga 184,500. Basi namba 19 huifuata namba 7, ijapokuwa ziliwasili mbali mbali. Tarehe huthibitisha kiungo hicho, kwa kuwa Jumapili mbili hutenganishwa na siku saba. Mwaka haukuandikwa, lakini hilo halizuii kazi: ukurasa wa 28/12 hufuatwa na wa 4/1, ingawa anayepanga kwa mwezi peke yake angeuweka Januari mwanzoni mwa daftari.

Ndipo jambo zito linapojitokeza. Picha mbili zina tarehe moja na masalio yaleyale: ni ukurasa mmoja uliopigwa mara mbili. Tena, ukurasa wa 9/11 unaishia faranga 214,000, ilhali unaofuata, wa 23/11, unaanza na faranga 231,000. Zimepita siku 14, na faranga 17,000 zimeongezeka bila maelezo. Ukurasa wa 16/11 haupo. Idadi ya 24 ilitimia kwa sababu picha iliyorudiwa iliziba pengo la iliyokosekana.

Pengo hilo halijazwi kwa kukisia. Nakala huonyesha wazi kuwa ukurasa haupo, na mwenye daftari huombwa aupige picha upya. Huenda ndimo malipo ya marehemu yalimoandikwa. Mtu aliyenakili kwa zamu ya kupokea picha asingeligundua pengo hilo; pengine angeandika hata mkopo uliolipwa kabla ya kukopwa.

Mpangilio ukishapatikana, si lazima kuanza na ukurasa wa kwanza. Ni afadhali kuanza na kurasa mbili au tatu zenye mwandiko safi, ili kuzoea mkono wa mhazini na vifupisho vyake, kisha kuzirudia zilizofifia au kulowa. Kila ukurasa huwekwa mahali pake katika nakala. Mwishoni yote husomwa kwa mfululizo, salio la chini likilinganishwa na la juu ya ukurasa unaofuata.

Njia hii ina mpaka wake. Masalio hayasaidii katika barua au kumbukumbu za mikutano. Huko hutafutwa sentensi iliyokatika chini ya ukurasa mmoja na kuendelea juu ya mwingine, na upande wa mshono: katika daftari lililofunguliwa, ukurasa wenye mshono kushoto kwake ni wa kulia. Dalili zikikosekana kabisa, kurasa huachwa pembeni zikiwa na alama ya shaka.