Ramani ya Karnaugh yenye ghorofa mbili

Ramani ya Karnaugh, iliyobeba jina la Maurice Karnaugh aliyeichapisha mwaka 1953, hurahisisha mantiki ya saketi za kidijitali. Vigeu vinapofika vitano, A hadi E, visanduku huwa 32, navyo huchorwa katika majedwali mawili ya 16: moja la A=0, jingine la A=1. Safu za kulala ni BC na za kusimama ni DE, zote kwa mpangilio wa 00, 01, 11, 10.

Yachukulie kama ghorofa mbili za nyumba moja. Kisanduku 5 kiko chini ya 21, kwa hiyo ni majirani. Kinachobadilika ni A peke yake.

Tuseme moja ziko 5, 7, 13, 15, 21 na 23. Wengi huzikusanya zote sita, lakini kundi halali lina visanduku 1, 2, 4, 8, 16 au 32. Wengine hufunga kila ghorofa kivyake na kupata A'CE + AB'CE. Jibu hilo ni sahihi ila limerefuka bure. Tumia 5 na 7 mara mbili: nne za chini hutoa A'CE, kisha 5, 7, 21 na 23 hutoa B'CE.

Kosa baya zaidi huzaliwa na karatasi. Majedwali yakichorwa ubavu kwa ubavu, 2 hugusana na 16, na mwanafunzi huviunganisha. Andika namba zake: 00010 na 10000. Biti mbili zimebadilika, A na D. Jirani halisi wa 2 kule juu ni 18.