Neno "Mtu" Lina Makofi Mangapi?

Muulize mtoto wa miaka 4 neno lipi ni refu zaidi, "treni" au "kipepeo". Aghalabu atakujibu "treni" bila kusita, kwa sababu treni ina mabehewa mengi na kipepeo ni kadudu kanakotua juu ya ua. Kwake neno na kitu chenyewe bado ni kimoja. Hajajua kwamba neno linaweza kuwekwa kando ya maana yake, likasikilizwa kama ngoma inavyosikilizwa, likaonekana kuwa "treni" lina mapigo mawili na "kipepeo" lina manne.

Ujuzi huo walimu wa madarasa ya awali huuita utambuzi wa sauti, na unatakiwa uanze kabla ya kitabu, kwani herufi ni alama ya sauti. Mtoto asiyesikia vipande vya neno akipewa herufi hukariri ukurasa kama wimbo. Ukimfunika picha, au ukimpa maneno yale yale kwa mpangilio mwingine, kusoma kwake kunakwisha.

Mchezo wa kwanza ni makofi. Katika darasa langu tunatumia pia vifuniko vya soda: kila kofi moja, kifuniko kimoja mkekani. Tunaanza na majina ya watoto wenyewe, kisha vitu vya nyumbani: ba-ba, me-za, su-ka-ri, ki-bi-ri-ti. Kiswahili kinamsaidia mtoto sana hapa, kwa kuwa karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, na mdomo hufunguka kila kofi linapopigwa. Hata watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani hulishika pigo hili baada ya siku chache.

Halafu linakuja neno "mtu". Watoto wengi hupiga kofi moja tu, na watu wazima wengi pia. Lakini ni makofi mawili: m-tu. Ushahidi uko kwenye mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ukilitamka neno hili polepole utausikia umekaa juu ya "m". Washairi wetu wanalijua hilo tangu zamani. Wakihesabu mizani, "mtu" ni mizani miwili, na "mkate" ni mitatu. Lakini si kila "m" hujitegemea. "Mbuzi" ni mbu-zi, makofi mawili, maana "m" imeshikana na "b". Tofauti hiyo inasikika vizuri katika neno "mbuni": yule ndege ni mbu-ni, ila mti wa kahawa ni m-bu-ni.

Mchezo wa vina huja sambamba na makofi. Unasema "meza", mtoto anakujibu "pweza"; unasema "nazi", anakujibu "kazi". Yapo mambo mawili ya kuangalia. Mtoto akijibu "paka" kwa "panya", huenda ameoanisha maana: mmoja humla mwenzake. Umrudishe kwenye sauti kwa kuyatamka maneno yote mawili na kuvuta mwisho wake. Jambo la pili ni maneno yanayoishia na "-ni". Sokoni, jikoni na shambani yanamfanya mtoto aonekane hodari bila kusikiliza chochote, kwa kuwa kila mahali panaweza kupachikwa "-ni". Chagua maneno yanayofanana silabi na irabu iliyotangulia, kama "chura" na "sura".

Ugumu wenyewe unaanza tunapotoka kwenye silabi kwenda kwenye sauti moja moja. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake huko Marekani waliwapa watoto kijiti, wakawaomba wagonge meza kwa kila kipande cha neno. Karibu nusu ya watoto wa miaka 4 waliweza kugonga silabi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kugonga sauti moja moja. Kufikia miaka 6, watoto 9 kati ya 10 waliweza silabi, na 7 kati ya 10 waliweza sauti. Silabi inasikika yenyewe. Sauti moja moja inahitaji kufunzwa, kwa kuwa kinywani "s" na "a" za "samaki" hutoka zikiwa zimeshikana.

Kwa hiyo ukimuuliza mtoto "samaki" linaanza na sauti gani, atasema "sa". Usimwambie amekosea. Amefika kwenye silabi, bado hatua moja. Kwetu hatua hiyo hurefuka, kwa sababu mtoto hukaririshwa "ba, be, bi, bo, bu" miezi mingi bila kuambiwa kwamba ndani ya kila kipande mna sauti mbili.

Daraja la kuvukia ni lile lile neno lililotutega. Nililiona kwa mpwa wangu wa miaka 5, ambaye kila neno alinijibu kwa silabi. Nikaacha "samaki" na kumpa maneno yanayoanza na irabu: e-mbe, a-sa-li, u-a. Hapo kofi la kwanza lenyewe ni sauti moja, hivyo hakuwa na cha kukosea. Siku ya tatu nikampa "mtu", "mto" na "mkate". Alipiga kofi la kwanza midomo ikiwa imefungwa: mmm. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameshika konsonanti isiyobeba irabu. Nikamwambia atafute "mmm" hiyo ndani ya "mama". Akavuta, "mmm-ama", akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, imejificha mara mbili!"

Kutoka hapo tulikwenda kwenye sauti zinazovutika: s, f, z, sh, n, l. Sauti za b, d, g, k, p na t huachwa mwisho, kwa kuwa hazivutiki. Ukijaribu kuitamka "k" peke yake, irabu huponyoka nyuma yake. Kumbuka pia kwamba "sh", "ch" na "ng'" ni sauti moja moja ingawa huandikwa kwa alama zaidi ya moja. Tena usitumie majina ya herufi: "em-a-em-a" haiwezi kumpa mtoto "mama".

Muda hauhitaji kuwa mrefu. Katika kisiwa cha Bornholm, Denmaki, watoto 235 wa darasa la awali walicheza michezo ya aina hii dakika 15 hadi 20 kila siku kwa miezi 8, bila kufundishwa kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kwamba waliwapita wenzao kusoma na kuandika tahajia walipoingia shule. Lakini michezo hii haileti herufi yenyewe. Mtoto akishaisikia "mmm" mwanzoni mwa "mama" na "mto", mwonyeshe herufi m siku hiyo hiyo, aichore mchangani huku akiitamka.

Na mtoto ambaye baada ya wiki kadhaa bado hawezi hata makofi ya jina lake, mpeleke kwanza apimwe masikio. Usaha unaotoka sikioni mara kwa mara humwibia mtoto sauti bila mtu nyumbani kutambua.

Mpwa wangu nilimuuliza juzi neno lipi ni refu, "treni" au "kipepeo". Alipiga makofi kwanza, akahesabu vifuniko, kisha akajibu.