Lakabu ya Kazini na Haki ya Kuitwa kwa Jina Lako

Utani wa asili katika nchi yetu una kanuni zake, na Mzaramo akimtania Mnyamwezi, hata msibani, hapana anayeghadhibika, kwa kuwa Mnyamwezi naye anayo ruhusa ile ile ya kumrudishia, leo au siku nyingine aipendayo. Kurudishiana huko ndiko kipimo changu, baada ya miaka mingi ya kusikiliza mashauri ya wafanyakazi, kila niulizwapo kama lakabu fulani ni utani au ni izara. Lakabu za kazini aghalabu huenda upande mmoja tu: anayeitwa hana neno la kumwita mwenziwe, na akijaribu kulitunga huambiwa kwamba amekasirika.

Nilipata kumsikiliza karani mmoja wa ghala, ambaye tumwite Salumu, kwani sina idhini ya kulitangaza jina lake halisi. Katika mwezi wake wa kwanza aliandika magunia 40 ya mchele mara mbili katika daftari, kosa likagunduliwa na kusahihishwa siku ile ile, na mwenziwe wa zamu akamwita Maradufu. Salumu alicheka pamoja nao, na kicheko kile kilikuwa cha kweli. Lakini kosa lilikwisha na jina likabaki. Wachukuzi wapya walioajiriwa baadaye hawakumjua kwa jina jingine, msimamizi akaliandika katika ratiba ya zamu, na hatimaye mteja mmoja, alipoelezwa asili ya jina lile, alikataa kutia sahihi mpaka mzigo wake uhesabiwe upya mbele ya macho yake. Hapo mzaha ulikuwa umegeuka kuwa shahada ya uongo juu ya amana ya mtu katika kazi yake.

Ombi lake la kwanza lilikwenda mrama. Alilisema wakati wa chai, mbele ya watu wanane, huku akitabasamu ili asionekane mwenye ghadhabu, nao wakaliamini tabasamu kuliko maneno, hata wiki ile jina likazidi kutajwa. Nilimshauri asiwaendee wote bali amwendee yule mmoja aliyelianzisha, kwa faragha, siku ambayo hawakugombana, na aseme mambo matatu tu: neno lenyewe, madhara yake, na jina alitakalo. Akamwambia hivi: “Kaka, jina la Maradufu ulinipa wewe, na siku zile nililicheka. Sasa limefika kwa wateja na linatia shaka hesabu yangu. Naomba tangu leo uniite Salumu au Baba Rehema, na mwenzetu akisahau, umkumbushe.”

Kulitaja jina la mwanawe hakukuwa pambo. Watu hushikilia lakabu kwa sababu ina joto la ujamaa, na ukiwanyang’anya pasipo kuwapa badala yake, wataona umewataka wakuite kama wanavyomwita mgeni wa ofisini. Na ombi la kukumbusha wengine lilimtoa mwanzilishi katika kiti cha mshitakiwa likamtia katika kiti cha msaidizi, jambo ambalo wengi hulikubali kwa urahisi kuliko kuomba radhi.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya subira. Kila alipoitwa Maradufu, Salumu alijibu neno moja, “Salumu”, kwa sauti ya kawaida, kisha akaendelea na shughuli iliyopo, bila kununa wala kueleza upya. Kuitikia jina la zamani hata mara moja, kwa uchovu, ni kulihuisha. Aliyesahau hujisahihisha mwenyewe. Aliyekusudia huongeza sauti na kutazama nani anacheka, na tofauti hiyo huonekana mapema. Kwa huyo wa pili, Salumu aliandika tarehe, mahali na waliokuwapo, akampelekea msimamizi, akiomba kwanza ratiba isahihishwe, kwa kuwa lililoandikwa na mkubwa huwa idhini kwa wadogo.

Ziko lakabu zisizostahili kungojewa hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi ukitokana na mambo kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu au umri; basi mwenye kuitwa kwa ila ya mwili wake au kwa kabila lake anaweza kumwendea mwajiri moja kwa moja. Maradufu halikuwa la namna hiyo, na sheria isingemfaa sana Salumu. Nguvu yake ilikuwa katika nidhamu ya mahali pa kazi na katika lile ombi la faragha.

Ratiba ilibandikwa upya ikiwa na jina lake kamili. Mwenziwe wa zamu alichagua Baba Rehema, na wachukuzi wakamfuata.