Mfalme Mmoja, Pembe Nne

Anayecheza drafti amezoea usawa. Kete zako ni sawa na zangu, unachokula ndicho ninachokula. Ila Ulaya ya kaskazini ina ukoo wa michezo ya ubao usiojali usawa huo. Upande mmoja una kete mara mbili ya mwingine, na kila upande una shabaha yake. Wachache wana mfalme katikati ya ubao, nao wanataka kumtorosha. Wengi wametanda pande zote, nao wanataka kumkamata. Ukoo huu huitwa tafl, neno la kale la Kinorsi lenye maana ya ubao, na Waviking waliucheza kabla sataranji haijafika kwao.

Kete zote huenda kwa mstari, mbele, nyuma au kando, umbali wowote ulio wazi, bila kuruka nyingine. Kete huliwa ikibanwa na maadui wawili walio pande mbili zinazokabiliana. Tofauti na drafti, anayekula haruki, anabana. Wazingiraji ndio huanza.

Basi swali ni hili: wengi wakipambana na wachache, nani ana nafuu? Swali hilo liliwasumbua wachezaji kwa miaka mingi, na sehemu ya shida ilitokana na tafsiri mbovu.

Mwaka 1732 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, alisafiri Laplandi, nchi ya Wasami. Akakuta wanacheza tablut kwenye ubao wa vyumba tisa kwa tisa. Mfalme alikuwa na walinzi wanane walioitwa Waswidi, na waliomzingira walikuwa 16, wakiitwa Wamoskovi. Mfalme alishinda akifika ukingo wowote wa ubao. Akiona njia moja ya kutokea, mchezaji wake alitamka “raichi”, kumwonya mpinzani. Akiona mbili, alitamka “tuichu”, na hapo mambo yamekwisha, kwa sababu mpinzani ana zamu moja tu na hawezi kuziba njia mbili.

Linnaeus aliandika sheria hizo kwa Kilatini katika shajara yake. Aliandika kwamba mfalme naye huliwa na maadui wawili kama kete nyingine. Akiwa kwenye kiti chake cha katikati ndipo huhitajika wanne, na akiwa chumba cha jirani na kiti, watatu. Shajara ilipochapwa kwa Kiingereza mwaka 1811, mfasiri alimtoa mfalme katika sheria ya kuliwa na wawili. Wasomaji wakaelewa kwamba kila mahali lazima azingirwe pande zote nne.

Kosa la maneno machache tu, lakini hebu pima uzito wake. Ubao wa tisa kwa tisa una vyumba 32 vya ukingoni, na vyote ni milango ya mfalme. Sasa mpe mfalme huyo ngozi ngumu, asikamatike mpaka apatikane na watu wanne. Wazingiraji hawana mchezo tena. Walioifufua tafl katika karne ya 20 wakifuata maandishi hayo waliona mfalme anatoroka mno, na wengi wakafunga milango: ukingo hautoshi, ni lazima afike pembeni. Milango 32 ikawa minne.

Kumbe dawa nayo ina madhara yake. Milango ikiwa minne, mtu anaweza kuiziba yote. Panga kete tatu kwa mshazari mbele ya pembe. Tukiita safu kwa herufi na mistari kwa namba, ni A3, B2 na C1, zikilinda pembe A1. Jaribu kuzila. Ili ule ya A3 unahitaji kusimama A2, lakini A2 iko nyuma ya ukuta. Ile ya B2 nayo unahitaji chumba kimoja kilicho nyuma yake, na huko hufiki. Ukuta huo hauvunjiki, alimradi hakuna mlinzi aliyeingia ndani mapema.

Sasa fanya hesabu. Pembe nne mara kete tatu ni 12. Katika ubao wa 11 kwa 11, ambao ndio wachezaji wengi wa leo huupenda, wazingiraji wana kete 24. Wakiziba pembe zote bado wanabaki na 12 za kumsaka mfalme na walinzi wake 12. Kwa hiyo kanuni zinazoitwa za Copenhagen zimempa mfalme njia nyingine. Akigusa ukingo akiwa ndani ya boma la watu wake, boma ambalo adui hawezi kulivunja, naye mwenyewe bado ana nafasi ya kusogea, ameshinda. Nao wazingiraji wakipewa haki yao: wakimfungia mfalme na watu wake wote ndani ya duara lisilopenyeka, wameshinda wao.

Ubao mdogo hauhitaji nyongeza hizo. Mwaka 1932 huko Ballinderry, Ayalandi, ulichimbuliwa ubao wa mti wenye matundu saba kwa saba, na tundu la katikati na yale ya pembeni yametiwa alama. Wengi huuhusisha na mchezo wa Kiayalandi uitwao brandubh. Kanuni zake hazikuandikwa popote, kwa hiyo zinazotumika leo zimeundwa upya. Wazingiraji ni wanane tu, na wanane hawawezi kuziba pembe nne zinazodai 12. Lazima wawinde.

Ubao huo unaweza kuuchora kwenye boksi, kete zikawa vizibo vya soda. Mfalme yuko D4. Walinzi wake wako C4, E4, D3 na D5. Wazingiraji wako A4, B4, F4, G4, D1, D2, D6 na D7. Pembe haiingiwi na yeyote ila mfalme, na tena ni adui wa wote: kete iliyo jirani yake inaweza kubanwa kati ya pembe na mpinzani mmoja.

Mgeni wa mchezo huu, akicheza wazingiraji, hukimbilia kuziba mlango. Anatoa kete ya D1 anaipeleka B1, mguuni pa pembe. Mlinzi wa C4 anashuka moja kwa moja hadi C1, na kete ya B1 imeliwa, pembe upande huu, mlinzi upande ule. Kwa zamu moja wazingiraji wamebaki saba, na C4 iliyoachwa wazi imempa mfalme njia: aende C4, apande C7, kisha akate kushoto hadi pembe A7. Wazingiraji wana muda wa kumzuia, lakini sasa ni wao wanaokimbizwa.

Kujua kama kanuni zenu zina uzani sawa, msitazame mchezo mmoja. Chezeni miwili, mkibadilishana pande; mkitoka moja kwa moja, aliyeshinda kwa zamu chache ndiye bingwa. Wachezaji wa uwezo sawa wakirudia hivyo mara nyingi na bado mfalme ndiye anayeshinda, badilini kitu kimoja tu, na kianzie kwake: akubali kuliwa na wawili akiwa mbali na kiti. Wazingiraji wakizidi, mrudishieni ulinzi wa wanne. Idadi ya kete iacheni kama ilivyo. Kilichoharibu mizani ya tablut kilikuwa namna mfalme anavyokamatwa, wala si idadi ya kete.