Hofu ya Kwanza: Kumchagulia Mwoga Filamu ya Kutisha

Watu wawili wanaosema kwamba wanaogopa filamu za kutisha mara nyingi hawasemi jambo moja. Mmoja hapendi kushtuliwa; moyo humpasuka mlango unapobamizwa. Mwingine hawezi kuona kisu kikiingia mwilini. Wa tatu huangalia yote hayo bila kupepesa macho, lakini usiku hathubutu kuzima taa. Filamu inayomshinda mmoja wao inaweza kumpita mwenzake kama taarifa ya habari. Kwa hiyo anayemchagulia mgeni filamu ya kwanza hapati mengi kwa kuuliza inatisha kiasi gani. Aulize inatisha kwa kitu gani.

Mshtuko wa ghafla ndio rahisi kuutambua, na wengi hawajui kwamba kazi yake kubwa hufanywa na sauti. Mfano wa zamani na mzuri ni *Cat People* ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur chini ya mtayarishaji Val Lewton. Mwanamke anatembea usiku peke yake huku nyayo zikimfuata. Nyayo zinakoma, kunakuwa kimya, anaharakisha. Mara unasikika mlio mkali kama wa mnyama anayerukia windo, kumbe ni breki za basi lililofika kituoni. Hakuna aliyeguswa, wala hakuna kilichoonekana, lakini watazamaji waliruka vitini. Mbinu hiyo hadi leo watengenezaji filamu huiita kwa jina la Lewton na basi lake. Ina sehemu tatu: kelele hupunguzwa hadi sikio lianze kutafuta, mtazamaji hupewa sekunde chache za kudhani hatari imepita, kisha mlio mkubwa huachiliwa.

Ndiyo maana kufumba macho hakumsaidii sana mtu wa aina hii. Kinachomsaidia ni rimoti: sauti ikipunguzwa kwa theluthi, mshtuko hupoteza meno. Ndiyo maana pia *A Quiet Place* ya mwaka 2018 ni chaguo baya kwake, ingawa ni fupi na damu yake si nyingi. Viumbe wa filamu hiyo huwinda kwa kusikia, hivyo familia inaishi kimyakimya, na katika ukimya huo hata taa inayoanguka sakafuni ni kama bomu. Ukipunguza sauti ya filamu hiyo umeiondoa filamu yenyewe.

Kinyaa ni kinyume chake. Hapo macho ndiyo mlango, na anayefumba macho amekwisha kujikinga. Mtu asiyevumilia damu aepushwe na mfululizo wa *Saw*, ulioanza mwaka 2004, na hakuna haja ya kusema zaidi ya hapo.

Hofu inayohitaji uangalifu mkubwa ni ile inayomfuata mtu nyumbani. Mshtuko huisha ndani ya dakika, na mara nyingi hufuatwa na kicheko. Lakini filamu ya pepo kumwingia mtoto, kama *The Exorcist* ya mwaka 1973, au ya nyumba yenye mizuka, kama *The Conjuring* ya mwaka 2013, huanza kazi yake halisi baada ya televisheni kuzimwa, kwa sababu inatumia vitu ambavyo kila mtu anavyo: kitanda, kabati, korido ya kwenda chooni. Papa amebaki baharini. Korido iko palepale. Aliyekulia katika nyumba ambako majini na mashetani si hadithi huumia zaidi, kwani kwake filamu haibuni kitu bali inathibitisha. Kwa mtu huyo, maandishi ya mwanzoni yanayodai kwamba kisa ni cha kweli yatosha kuwa sababu ya kuiweka filamu kando.

Madaraja ya umri yanayobandikwa kwenye filamu za Marekani hayaoneshi tofauti hizi. *The Conjuring* ilipewa R, daraja linalomtaka aliye chini ya miaka 17 aandamane na mtu mzima, ilhali damu yake ni kidogo. *Jaws* ya mwaka 1975 ilipata PG, daraja jepesi zaidi, na ndani yake kuna mguu wa mtu unaozama baharini. Daraja huhesabu damu, matusi na utupu vizuri. Usingizi halijui kuupima.

Chukua mfano wa muuguzi anayeishi peke yake, amelelewa na bibi aliyezoea kusimulia habari za majini, na hupiga ukelele puto likipasuka. Amealikwa na rafiki zake kuangalia filamu ya kutisha kwa mara ya kwanza. Damu anaiona kazini kila siku, kwa hiyo kinyaa si tatizo. *The Others* ya mwaka 2001 ingeonekana kufaa, kwa kuwa ni ya polepole na karibu haina damu, lakini ni filamu ya mizuka katika nyumba kubwa yenye mapazia yaliyofungwa mchana kutwa. Hiyo imfae mtu anayechukia damu na asiyejali mizuka. *Jaws* ni nzuri zaidi: tishio ni mnyama, liko mahali pamoja, na papa mwenyewe haonekani sawasawa kwa zaidi ya saa moja. Ina mshtuko mmoja mkubwa, wa kichwa kinachotokeza kwenye tundu la mashua, na rafiki anaweza kupunguza sauti kabla. Kama muuguzi huyo angekuwa mtoto wa mvuvi anayeogelea kila Jumapili, hesabu ingebadilika.

Kwake, *Get Out* ya mwaka 2017, ya Jordan Peele, ndiyo inayokaa vizuri kuliko zote. Kijana mweusi anakwenda kuwatembelea wazazi wa mchumba wake mzungu, na hofu inatoka kwenye tabasamu zao. Hakuna mzuka. Mishtuko ni michache, damu nyingi imewekwa mwishoni, na kuna rafiki mchekeshaji anayempa mtazamaji nafasi ya kupumua. Anayejua Kiswahili ana upendeleo wa ziada: wimbo wa mwanzo, ulioandikwa na Michael Abels, unaitwa *Sikiliza Kwa Wahenga*, na sauti zake zinamwonya ndugu akimbie. Mswahili asingeweka hiyo “kwa”, lakini onyo linamfikia mapema kuliko linavyowafikia watazamaji wengi waliokusudiwa.

Filamu iangaliwe jioni ya mapema, taa moja ikiwaka, ili kubaki na saa mbili za mambo mengine kabla ya kulala. Anayeruka, akacheka, kisha akauliza kitakachotokea, yuko salama. Wa kuangaliwa ni aliyenyamaza, aliyeacha kula bisi zake, anayegeuka kutazama mlango. Huyo asibembelezwe avumilie, lakini pia filamu isizimwe katikati ya tukio la kutisha, kwa sababu kisa kilichokatwa hapo akili huendelea kukitunga yenyewe, na hukitunga kibaya zaidi. Isogezwe mbele hadi mandhari ya mchana, aelezwe kwa maneno mawili inavyoisha, ndipo izimwe. Safari inayofuata achaguliwe aina nyingine ya hofu, si kiwango kidogo cha ileile.