Mtoto anataka kuchora, baba anataka awe muuguzi: Pigeni hesabu hii kwanza

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi huingia kwenye mvutano mmoja. Mtoto amepata alama za kumpeleka kidato cha tano, dirisha la kubadili tahasusi kwenye Selform linafunguliwa, na hapo ndipo anaposema kitu ambacho wazazi walidhani ni mchezo wa utotoni: anataka kuishi kwa kuchora.

"Hivi kuchora kutakulisha?" baba anauliza. Mtoto anajibu kwamba anakipenda. Hapo mazungumzo yanakwama, kwa sababu kila mmoja amejibu swali lake mwenyewe. Baba anazungumzia chakula, mtoto anazungumzia moyo, na siku za Selform zinaisha.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Morogoro. Baba ni fundi umeme, mama ana genge la mboga. Binti yao ana miaka 17. Amepata B ya Jiografia, B ya Kiswahili, C za Hisabati, Kiingereza, Biolojia na Kemia, na D ya Fizikia. Baba anataka asome PCB kisha uuguzi. Binti anataka kwenda kusoma sanaa Bagamoyo, kwenye chuo cha TaSUBa. Mama yuko katikati.

Badala ya kuuliza kama kuchora kunalipa, familia hii inaweza kuuliza maswali matatu yanayojibika.

Nani analipa, na analipia nini?

"Uchoraji" si kazi moja. Mkono uleule unaweza kuchora picha ya ukutani kwa ajili ya mtalii, kuandika jina la duka, kupamba bajaji, kuchora vielelezo vya kitabu cha shule, au kutengeneza tangazo kwenye kompyuta. Walipaji ni tofauti na nyakati zao ni tofauti. Anayetegemea watalii hujua kwamba Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni ni wachache, na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ndege, soko lake lilikauka karibu lote. Mwenye duka la vipuri anahitaji kibao hata mvua ikinyesha.

Kuna muda wa kujaribu, na wazazi wengi huupoteza. Matokeo hutoka Januari na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi mitano ambayo mtoto huwa nyumbani. Mama wa familia yetu, ambaye amezoea kuandika mauzo ya genge, anampa binti daftari na sharti moja: kila kazi iandikwe bei, gharama ya vifaa, saa zilizotumika, na mteja ametoka wapi.

Tuseme mwisho wa Juni daftari linaonyesha hivi. Binti ameuza picha 9 kwa Sh25,000 kila moja. Kitambaa, fremu na rangi vilikula Sh9,000, hivyo zilibaki Sh16,000 kwa kazi ya saa nane. Hiyo ni Sh2,000 kwa saa. Kati ya picha hizo, 4 zilinunuliwa na shangazi, wajomba na marafiki wa mama.

Ameandika pia vibao na majina ya biashara 14, kwa Sh15,000 kila kimoja. Rangi iligharimu Sh3,000, zikabaki Sh12,000 kwa saa mbili tu. Hiyo ni Sh6,000 kwa saa. Wateja 9 kati ya hao waliletwa na wateja waliotangulia, ingawa wawili walilipa baada ya wiki sita.

Jumla ya kilichobaki ni Sh312,000 kwa miezi mitano, yaani Sh62,400 kwa mwezi. Baba ana haki ya kusema kwamba hizo hazilipi hata chumba na chakula. Lakini daftari limesema jambo ambalo hakuna aliyelijua Januari: maandishi yanalipa mara tatu ya picha kwa kila saa, na wanaoyanunua si ndugu. Mteja wa kuangaliwa kwenye daftari ni yule asiyekufahamu na anayerudi, kwa kuwa shangazi hununua hata picha mbaya.

Daftari linaonyesha pia tabia. Kuna mtoto anayependa kuchora, na kuna anayependa kuitwa mchoraji. Wa kwanza atasugua kibao kwa msasa, atarudia herufi iliyopinda na atamfuata mteja anayechelewesha malipo. Wa pili atakuwa na picha nyingi zilizoachwa nusu. Kama baada ya miezi mitano daftari lina kurasa mbili tu, na mtoto hakuzuiwa na kazi za nyumbani wala ukosefu wa rangi, hilo ni jibu.

Je, mlipaji anauliza cheti?

Hospitali haiwezi kumwajiri muuguzi asiye na cheti na leseni, hata awe na mikono myepesi kiasi gani. Mwenye duka la vipuri hatauliza cheti cha mwandika kibao. Anaangalia kibao cha jirani na kusema, "Nataka kama kile."

Historia ya uchoraji wetu inaonyesha hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vibao vya hadibodi, akitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini alikuwa amefundisha ndugu na vijana waliokaa naye, na hao wakafundisha wengine. Mtindo wa Tingatinga ukaenea duniani kwa mtu kukaa karibu na fundi wake.

Hii haimaanishi kwamba kusoma sanaa hakuna faida. Chuo humpa kijana walimu, vifaa, wenzake na nafasi ya kujulikana, na anayetaka kufundisha sanaa shuleni atahitaji vyeti. Suala ni bei. Shahada ikisomwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwenye mshahara wa Sh600,000, hiyo ni Sh90,000 kila mwezi. Aliyejiajiri naye anadaiwa, hata kama mwezi huo hakuuza picha. Deni halijui kama ulisomea sanaa au uhasibu, lakini mfuko unajua. Kazi isiyodai cheti isinunuliwe kwa deni kubwa wakati inaweza kujifunzwa kwa cheti cha muda mfupi, kwa kozi fupi ya VETA, au kwa kukaa na fundi.

Mlango upi unafungwa, upi unasubiri?

Nafasi ya kidato cha tano katika shule ya serikali huja mara moja, kwa matokeo ya mwaka ule. Ukiiacha, kurudi ni kwa shule binafsi au kwa kujitegemea, na ni gharama. Lakini ngazi ya cheti kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET kwa kawaida huanzia ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini, na matokeo ya kidato cha nne hayachachi. Binti huyu akitaka Bagamoyo akiwa na miaka 20, bado anaweza kuomba. Mkono wake utakuwa umekomaa zaidi.

Kwa hiyo kwa uchoraji, kuanza na kidato cha tano kunaacha milango yote miwili wazi. Si kila kipaji kiko hivyo. Mpira wa miguu hausubiri, kwa kuwa mwili wa miaka 17 haurudi. Mzazi wa mchezaji ana hesabu tofauti na mzazi wa mchoraji.

Hapa baba atafurahi, lakini asifurahi mapema. Kwenda kidato cha tano si lazima iwe PCB. Ili kuingia chuo kikuu, kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili yenye pointi 4 kwa pamoja, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mtoto aliyeingia PCB akiwa na D ya Fizikia, bila hamu, anaweza kutoka na E mbili. Hizo ni pointi 2. Miaka miwili imekwenda, uuguzi wa shahada haupo, na mkono wa kuchora umelala. Mzazi aliyechagua "kazi yenye uhakika" anakuwa amenunua kitu kisicho na uhakika kuliko vibao vya dukani.

Binti huyuhuyu akiingia EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, anaingia na B na C mkononi. Akipata C mbili tu ana pointi 6. Mbele yake kuna fani kama mipango miji, ambazo jicho lake la kuchora halitapotea. Mwaka 2024 serikali iliongeza pia tahasusi mpya, zikiwamo zenye masomo ya sanaa, hivyo ni vizuri kuangalia orodha yote kabla ya kubishana kwa herufi tatu mlizozizoea.

Hesabu ya familia yetu, basi, inaishia hivi. Mwishoni mwa Januari daftari linaanza, na dirisha la Selform likifunguliwa binti anajaza EGM. Julai anakwenda shule na kibegi cha rangi, na wakati wa likizo anaandika vibao kwa wateja waliokwisha kumjua. Fedha za vibao zinawekwa kwa ajili ya kozi ya kutengeneza matangazo kwa kompyuta, kwa kuwa daftari limeonyesha kwamba biashara ndizo zinazomlipa. Akimaliza kidato cha sita, wanakaa tena watatu, wakiwa na matokeo mapya na kurasa za miaka miwili na nusu.

Sharti moja limwangukie baba. Makubaliano haya yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na ahadi kwamba kikao cha pili kitafanyika kweli. Mtoto akijua kwamba "soma kwanza" ni njia tu ya kumnyamazisha, atafeli EGM kama ambavyo angefeli PCB. "Mwanangu, sijakataa, nimesema tupime" ni maneno ambayo binti anaweza kuyashika, mradi tarehe ya kupima iwe imeandikwa.