Siku ya 14 huhesabiwa kutoka wapi?

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, wanaume wako barazani na kahawa yao, mtoto wa kaka yangu alinifuata jikoni. Akafunga mlango. Akatoa kwenye mkoba kifurushi cha vile vijiti vya mkojo vya kupimia yai, vinavyouzwa famasi yoyote hapa Muscat. Vitano vilikuwa vimetumika, na kila kimoja ameandika tarehe kwa kalamu.

“Shangazi,” akaniambia, “mie yai halitoki.”

Ana miaka ishirini na nane, ameolewa zaidi ya mwaka. Mumewe anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Marmul, kusini, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani. Mama mkwe ameshaanza maneno ya pembeni. Alipima siku ya 12, ya 13, ya 14, ya 15 na ya 16, na vijiti vyote vikasema hakuna kitu. Kabla ya hapo alipimwa damu mahali fulani “siku ya 21”, na akaambiwa homoni iko chini, dalili kwamba yai halikutoka.

Nikamuuliza swali moja tu: baina ya hedhi na hedhi unakaa siku ngapi? Sisi wanawake wa Kiislamu jambo hili tunaliandika, kwa ajili ya sala na kulipa siku za Ramadhani. Akafungua simu yake. Siku 35. Mwezi uliotangulia 34, kabla yake 35, na kabla yake 36.

Hapo nikajua, na nikaona haya kidogo, kwa sababu kosa hilo na mie nimelifundisha. Nilisoma sekondari ya misheni kule bara. Sista aliyetufundisha bayolojia alichora duara ubaoni, akaandika 1 juu na 14 chini, akasema hapa ndipo yai linapotoka. Nilipokuwa mwalimu, miaka mingi nilichora duara lile lile. Duara lenyewe lina ukweli ndani yake, lakini ni kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Na hata kwake, ile 14 haihesabiwi kutoka mwanzo. Huhesabiwa kutoka mwisho.

Hebu tuliangalie taratibu, maana mwili una sababu yake.

Hedhi inapoanza, ndani ya ovari kuna vijifuko vidogo vya maji, kila kimoja kina yai lake. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, ambayo ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi, inatuma homoni ya kuvikuza. Vinaanza vingi, halafu kimoja kinawapita wenzake na vilivyobaki vinanywea. Hicho kimoja kinapokua kinatengeneza estrojeni, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo estrojeni inavyozidi.

Sasa hapa pana jambo la ajabu, ambalo duara la ubaoni halikutuonyesha. Estrojeni ikiwa kidogo, inaituliza pituitari: usitoe sana, subiri. Wakati huo pituitari inatengeneza homoni nyingine, ile iliyoandikwa LH kwenye boksi la vijiti, lakini inaiweka akiba na kuitoa kidogo kidogo. Kijifuko kikifika upana wa karibu sentimita mbili, estrojeni inakuwa juu sana. Ikikaa juu hivyo kwa muda wa siku mbili hivi bila kushuka, amri inageuka. Estrojeni ile ile iliyokuwa ikizuia, sasa inafungua mlango. Akiba yote ya LH inamiminika kwenye damu, mara kadhaa ya kiwango cha kila siku.

Waliokulia Unguja na Mombasa wanayajua maji ya bamvua, yanayopanda mpaka yakafika pasipofika siku nyingine. Hiyo ndiyo bamvua ya LH. Lakini bamvua ya baharini inafuata mwezi wa mbinguni, na hii ya mwilini haifuati mwezi wala kalenda. Inangoja kijifuko kikomae. Yai ndilo linalotoa habari kwamba liko tayari, kwa njia ya ile estrojeni, na ubongo unajibu. Kama ubongo ungetoa LH kwa tarehe tu, ungeweza kupasua kijifuko chenye yai bichi.

LH ikifika kwenye ovari inafanya kazi mbili. Kwanza inaliamsha yai. Yai hilo lilianza kujigawa tangu mama mwenyewe akiwa tumboni kwa mama yake, kisha likasimama njiani miaka yote hiyo. Bamvua ikija ndipo linaendelea na kujitayarisha kupokea mbegu. Pili, inaamsha vimeng'enya vinavyoulainisha ukuta wa kijifuko upande mmoja, kama kitambaa kinavyochakaa mahali pamoja, mpaka unapasuka na yai linatoka. Tangu LH ianze kupanda kwenye damu mpaka yai kutoka ni masaa kama 34 hadi 36.

Hesabu hii madaktari wanaitumia kila siku. Mwanamke anayepandikizwa mimba hupigwa sindano ya homoni inayofanana na LH, usiku, kwa saa maalumu, na mayai yanavunwa yapata masaa 36 baadaye. Wakichelewa sana, mayai yameshatoka na kuwapotea.

Basi, kwa nini katikati? Kwa sababu ya kile kijifuko kilichopasuka. Hakifi. Kinageuka rangi ya manjano na kuanza kutengeneza projesteroni, homoni inayoliandaa tumbo la uzazi kwa mgeni. Mimba ikitunga, inatoa homoni yake inayokiambia kiendelee. Isipotunga, chenyewe kina umri wake, wiki mbili hivi, kisha kinanyauka, projesteroni inashuka, na hedhi inakuja. Nusu hii ya pili haichezi sana: kwa wengi ni siku 12 mpaka 14, ingawa wapo wenye pungufu au zaidi. Inayocheza ni nusu ya kwanza, yaani muda ambao kijifuko kinachukua kukua. Kwa mwenye mzunguko wa 28, nusu mbili zinalingana, ndiyo tunasema katikati. Kwa mwenye 35, nusu ya kwanza ni kama siku 21. Daktari Ogino wa Japani na Daktari Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, waliligundua jambo hili katika miaka ya 1920: hesabu irudi nyuma kutoka hedhi ijayo.

Nikachukua bahasha ya bili ya umeme, nikampigia hesabu mwanangu. Thelathini na tano toa kumi na nne, ishirini na moja. Kumbe alipima siku tano ambazo kijifuko kilikuwa bado kinakua, akaacha bamvua ikiwa mbele yake. Na ile damu ya “siku ya 21” imewekewa mwenye siku 28, ili kuiona projesteroni wiki moja baada ya yai kutoka. Yeye siku ya 21 ndiyo kwanza yai linatoka. Itakosaje kuwa chini? Yake ilitakiwa siku ya 28, wiki moja kabla ya hedhi.

Kisha tukaja kwenye zamu za Marmul, na hapo ndipo nilipokaa chini. Mbegu ya mwanamume inaweza kuishi mpaka siku tano ndani ya mwanamke aliye kwenye siku hizo, lakini yai halizidi siku moja. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni sita tu, zinazoishia siku yai linapotoka. Kwake ni ya 16 mpaka ya 21. Zamu ya mume inarudi kila siku 28, hedhi yake kila siku 35, kwa hiyo hazendi pamoja. Mume akiwa nyumbani siku ya 1 hadi ya 14, ameondoka kabla. Akirudi ni siku ya 29, anamkuta mwisho wa mwezi na kuingia mwezi wa pili mpaka siku ya 7. Zamu inayofuata inaanza siku ya 22, yai limeshapita jana yake. Mwezi wa tatu yupo siku ya 15 hadi ya 28, sawa. Wa nne yupo ya 8 hadi ya 21, sawa pia. Wa tano, tumerudi pale pale. Yaani katika kila mizunguko minne, miwili walikuwa hawana nafasi kabisa. Na ile miwili yenye nafasi, vijiti vikinyamaza siku ya 16 yeye alikuwa akivunjika moyo, akimwambia mumewe basi, mwezi huu umepita.

Alinyamaza, kisha akacheka huku machozi yanamtoka. “Mwaka wangu mzima, Shangazi.”

Nikamwambia aanze kupima siku ya 16, kila siku, mchana au jioni, na masaa mawili kabla asinywe maji mengi. Kwa joto letu hili tunakunywa sana na mkojo unakuwa mwepesi, mstari hauonekani. Na asidanganywe na mstari hafifu. Kipimo cha mimba hata mstari hafifu huwa jibu, lakini hiki si hivyo, kwa sababu LH kidogo ipo siku zote. Jibu ni pale mstari wa kipimo unapokolea sawa na ule wa kulinganishia, au kuuzidi.

Nilimweleza pia mipaka yake. Kijiti kinaona bamvua, hakioni yai. Mara chache LH inapanda na kijifuko kisipasuke. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zikimezwa mfululizo siku hizo, zinaweza kuchelewesha mpasuko huo. Na wapo wanawake wenye vijifuko vingi vidogo kwenye ovari, hedhi zao zinaruka ruka, ambao LH yao iko juu muda wote. Kijiti kinawaambia ndiyo, ndiyo, kila siku, na yai halipo. Hao vijiti havitawasaidia, waende kwa daktari mapema. Kwa wengine kawaida ni kungoja mwaka, au miezi sita kama umri umefika 35.

Mwezi huo mumewe alikuwa jangwani, lakini alipima hivyo hivyo, kujua tu. Siku ya 20, baada ya sala ya isha, simu yangu ikalia. Picha ya kijiti, mistari miwili, wa kipimo mweusi kuliko mwenzake. Siku ya 28 akaenda kutoa damu, na projesteroni ikaonekana imepanda vizuri. Hedhi ikaja baada ya siku 35, na safari hii hakulia.

Karatasi ya zamu sasa imebandikwa mlangoni mwa friji yake, na kando yake ameandika namba zake kwa wino mwekundu. Mwezi ujao mumewe anafika Seeb siku ya 15.